Kugeuza maelezo ya muundo kuwa jedwali: nani anaripoti kwa nani, na kila mkuu ana wangapi

*"Mimi ni Ofisa Utumishi wa kampuni ya kukamua alizeti hapa Dodoma. Mkurugenzi amenipa maelezo haya niyageuze jedwali la nani anaripoti kwa nani na kila mkuu ana watu wangapi:*

*'Mkurugenzi Mtendaji anasimamia Meneja wa Kiwanda, Mhasibu Mkuu, Meneja wa Masoko na Ofisa Utumishi. Mkurugenzi ana Katibu Muhtasi. Meneja wa Kiwanda anasaidiwa na Meneja Msaidizi. Kiwanda kina wasimamizi watatu wa zamu wenye waendesha mitambo wanne, Fundi Mkuu mwenye mafundi wawili, na Ofisa Ubora. Idara ya Fedha ina wahasibu wawili, mmoja akiwa kiwandani chini ya Meneja wa Kiwanda, na watunza ghala wawili. Masoko ina maofisa mauzo watatu pamoja na madereva wawili. Utumishi na Utawala ina walinzi wanne na mhudumu mmoja. Mkaguzi wa Ndani anawajibika kwa Bodi.'*

*Nikihesabu napata 42, mwenzangu anapata 34, na orodha ya mishahara ina majina 38. Fundi Mkuu ndiye anayekaimu Umeneja Msaidizi. Mhasibu wa kiwandani nimemwandika mara mbili kwa sababu ana wakuu wawili. Na je, kisheria mkuu mmoja anatakiwa awe na watu wangapi?"*

Ndugu yangu, hesabu zako tatu zinapishana kwa sababu kila moja inahesabu kitu chake. Wewe na mwenzako mmehesabu kila kilichotajwa kwenye sentensi, kila mmoja kwa usomaji wake, na orodha ya mishahara inahesabu watu. Jedwali la kuripoti halihesabu hivyo vyote viwili. Linahesabu nafasi. Msimamizi wa Zamu ni cheo kimoja lakini ni nafasi tatu. Fundi wako Mkuu ni mtu mmoja lakini kwa sasa amekalia nafasi mbili. Nafasi iliyo wazi haina mtu kabisa, ila bado ina mkuu wake na bado inahesabika. Watumishi wa serikali wana neno zuri la jambo hili, ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa hata kama kiti hakina mwenyewe. Kampuni binafsi si lazima iwe na ikama iliyopitishwa na mamlaka ya juu, lakini namna hiyo ya kuhesabu ndiyo unayoihitaji.

Kwa hiyo kila mstari wa jedwali ni nafasi moja yenye namba yake, na kila nafasi ina mkuu mmoja tu kwenye safu ya "Anaripoti kwa". Sharti hili la pili si urembo. Ukilishika, idadi ya mistari ya kuripoti inakuwa sawasawa na idadi ya nafasi, na hapo ndipo utakapopata kipimo cha kujua kama umekosea. Ukimwandika mhasibu mara mbili, kipimo hicho kinakufa siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye maelezo ya Mkurugenzi, maana ugumu wote uko kwenye Kiswahili chake, si kwenye kompyuta.

Tofauti kati ya 42 yako na 34 ya mwenzako ni 8, na hiyo 8 inajieleza. "Wasimamizi watatu wa zamu wenye waendesha mitambo wanne" inasomeka kwa namna mbili. Wewe umesoma kwamba kila msimamizi ana wanne, ukapata 12. Mwenzako amesoma kwamba wote watatu wana wanne tu, akaandika 4. Toa 4 kwenye 12, inabaki 8. Kama mwandishi angeandika "wanne wanne", au "kila mmoja akiwa na wanne", ubishi usingekuwepo. Kiswahili kinarudia namba pale kinapotaka kugawa, na mwandishi asiporudia anakuachia kazi ya kuuliza. Kiwandani jibu linajulikana kirahisi: hesabu wanaoingia zamu moja. Kama zamu ya usiku ina watu wanne kwenye mitambo, basi ni 12. Nitaendelea na 12, lakini liandike kama swali la kumpelekea Mkurugenzi.

Mhasibu wa kiwandani mmemhesabu mara mbili wote wawili. Mtoe mara moja, wewe unabaki na 41 na mwenzako na 33. Basi nafasi ni 41.

Angalia sasa vitenzi. "Anasimamia" ni mstari wa kuripoti bila shaka. "Anawajibika kwa" nao ni mstari. Lakini "anaratibu" na "anashirikiana na" si mistari. Hivyo ni uhusiano wa kikazi na havina safu kwenye jedwali hili. "Anasaidiwa na" ni kigeugeu, nitakirudia. Kisha kuna "idara ina". Idara haisaini likizo. Kila unapokuta "Idara ya Fedha ina wahasibu wawili", itafsiri kwa kutafuta nani anaiongoza idara hiyo, na jina la nafasi yake ndilo liingie kwenye safu ya mkuu. Kwa Fedha ni Mhasibu Mkuu, kwa Masoko ni Meneja wa Masoko. Kwa "Utumishi na Utawala" maelezo hayakumtaja kiongozi. Aliyebaki ni wewe mwenyewe, Ofisa Utumishi, na walinzi wanne na mhudumu ni wa kwako. Hilo nalo lithibitishwe, maana kampuni nyingi hujikuta walinzi wanapokea amri kiwandani na likizo kwa Utumishi.

Neno "Mkuu" linahitaji tahadhari ya pekee. Kwenye Kiswahili cha utumishi neno hilo lina kazi mbili. Kuna Mkuu wa ngazi ya taaluma, anayekuja baada ya Mwandamizi kwa kupanda daraja, na anaweza asiwe na mtu hata mmoja chini yake. Na kuna Mkuu wa madaraka, yule anayeongoza kitengo. Fundi Mkuu anaweza kuwa fundi aliyekomaa tu, au kiongozi wa mafundi wote. Mhasibu Mkuu vivyo hivyo, na serikalini yuko pia Mhasibu Mkuu wa Serikali, ambaye ni mtu wa tatu kabisa. Kwako maelezo yamekuokoa kwa kusema Fundi Mkuu "mwenye mafundi wawili". Cheo peke yake kisikupe mstari wa kuripoti, hata kiwe kirefu namna gani. Mstari unatokana na sentensi, au na majibu ya watu.

Pale sentensi inapokosa jibu, uliza maswali matatu kuhusu nafasi husika: nani anampangia kazi ya wiki, nani anasaini fomu yake ya likizo, na nani anajaza tathmini yake ya mwaka. Majibu matatu yakitaja mtu mmoja, umemaliza. Yakigawanyika, mwenye tathmini na likizo ndiye mkuu wa mstari mzima, na mwenye kupanga kazi za kila siku anaingia kwenye safu ya mstari wa vitone, kama zile nukta zinazochorwa kwenye chati.

Mhasibu wa kiwandani ni mfano halisi wa hapo. Anakaa kiwandani, anapewa kazi na Meneja wa Kiwanda, lakini yuko Idara ya Fedha. Mimi ningeweka mstari mzima kwa Mhasibu Mkuu na vitone kwa Meneja wa Kiwanda, na sababu si heshima ya idara. Mtu huyu anaandika gharama za kiwanda, magunia yaliyoingia na mafuta yaliyotoka. Kama anayemjazia tathmini ni yule yule ambaye hesabu zake zinaandikwa, siku kiwanda kikipoteza lita 200 mhasibu atakuwa na sababu nzuri ya kutoziona. Mhandisi wa Kifaransa Henri Fayol aliandika mwaka 1916 kwamba mtumishi apokee amri kutoka kwa mkuu mmoja, na wahenga wetu walishasema mshika mbili moja humponyoka. Lakini huu ni ushauri wa muundo. Ukikuta kwamba kwenu tathmini inajazwa kweli na Meneja wa Kiwanda, andika hivyo hivyo kwenye jedwali, kisha weka hoja yako kwenye safu ya maoni. Jedwali linaonyesha kilichopo. Ukianza kurekebisha kampuni kimyakimya ndani ya jedwali, hakuna atakayejua kipi ni kweli na kipi ni pendekezo lako.

Mkaguzi wa Ndani usimlazimishe chini ya Mkurugenzi. Mstari wake mzima unakwenda Bodi, na mambo yake ya kila siku kama ofisi, usafiri na likizo kwa kawaida yanapitia kwa Mkurugenzi, hivyo hapo pana vitone. Huyu ndiye wa kutazamwa tofauti kwenye kile kipimo cha likizo, maana kwa mkaguzi kinachoamua ni nani anapokea taarifa zake na nani anaweza kumwondoa. Bodi yenyewe si nafasi ya ajira. Iandike BODI kwenye safu ya mkuu, lakini usiipe mstari wala usiihesabu ndani ya 41.

Namba za nafasi ziwe fupi na zisizo na maana yoyote: N01, N02, hadi N41. Wengi hupenda namba zinazobeba muundo ndani yake, kama 3.2.1 kumaanisha mtu wa kwanza wa kitengo cha pili cha idara ya tatu. Inapendeza hadi siku madereva wanapohamishwa kutoka Masoko kwenda Utawala, halafu namba zote zinadanganya. Zipange tu kwa sharti moja: mkuu awe juu ya walio chini yake kwenye ukurasa. Sehemu ya jedwali lako itaonekana hivi:

| Namba | Cheo | Anaripoti kwa | Vitone | Walio chini moja kwa moja | Ngazi |
|---|---|---|---|---|---|
| N01 | Mkurugenzi Mtendaji | BODI | | 5 | 1 |
| N02 | Mkaguzi wa Ndani | BODI | N01 | 0 | 1 |
| N04 | Meneja wa Kiwanda | N01 | | 6 | 2 |
| N05 | Mhasibu Mkuu | N01 | | 4 | 2 |
| N06 | Meneja wa Masoko | N01 | | 5 | 2 |
| N07 | Ofisa Utumishi | N01 | | 5 | 2 |
| N08 | Meneja Msaidizi wa Kiwanda | N04 | | 0 | 3 |
| N09 | Msimamizi, zamu ya asubuhi | N04 | | 4 | 3 |
| N12 | Fundi Mkuu | N04 | | 2 | 3 |
| N15 | Mhasibu wa Kiwanda | N05 | N04 | 0 | 3 |
| N28 | Mwendesha Mtambo, asubuhi | N09 | | 0 | 4 |

Nafasi ambazo hazionekani hapo ni za aina hiyo hiyo: N03 ni Katibu Muhtasi, N10 na N11 ni wasimamizi wa mchana na usiku, N13 ni Ofisa Ubora, na kuendelea. Safu ya walio chini moja kwa moja ndiyo upana wa usimamizi. Mstari wa vitone hauhesabiwi humo. Ukitaka kuonyesha kwamba Meneja wa Kiwanda ana mtu wa ziada wa vitone, andika 6 na pembeni +1, usiandike 7.

Usijaze safu hiyo kwa mkono. Kwenye Excel weka namba za nafasi safu ya A, cheo B, idara C, anaripoti kwa D, vitone E, na data ianzie mstari wa 2 hadi wa 42. Kisha F ni walio chini moja kwa moja, G ni ngazi, H ni jumla ya walio chini hadi mwisho, na I ni jina la aliyekalia nafasi. Andika hizi kwenye F2, G2 na H2 kwa mfuatano huo, uziburute hadi chini:

```
=COUNTIF($D$2:$D$42,A2)
=IF(D2="BODI",1,INDEX(G$1:G1,MATCH(D2,A$1:A1,0))+1)
=F2+SUMIF(D3:D$43,A2,H3:H$43)
```

Kama kompyuta yako inagoma, jaribu kuweka nuktamkato badala ya mkato ndani ya mabano. Inategemea mpangilio wa lugha wa mashine. Fomula ya ngazi inamtafuta mkuu kwenye mistari iliyo juu tu. Ikikutolea `#N/A`, basi ama namba ya mkuu imekosewa, ama mkuu yuko chini ya mtu wake. Hiyo ni faida, si kero. Kama kila mkuu yuko juu ya walio chini yake, haiwezekani kabisa A akaripoti kwa B na B akaripoti kwa A, kosa ambalo hutokea sana pale manaibu na wakuu wanapoandikwa na watu wawili tofauti.

Sasa kipimo chenyewe. Jumlisha safu ya F, ongeza walio chini ya BODI, na jibu liwe 41. Kwako: Bodi ina 2, Mkurugenzi 5, Meneja wa Kiwanda 6, wasimamizi watatu wa zamu 4 kila mmoja yaani 12, Fundi Mkuu 2, Mhasibu Mkuu 4, Masoko 5, Utumishi 5. Inatimia 41. Safu ya H nayo ikuonyeshe 20 kwa Meneja wa Kiwanda na 39 kwa Mkurugenzi, yaani wote 41 ukimtoa yeye mwenyewe na Mkaguzi.

Jumla ikizidi 41, mara nyingi umeandika cheo badala ya namba kwenye safu ya mkuu, na fomula pia umeielekeza kwenye vyeo. Waendesha mitambo 12 wote wanaandikwa "Msimamizi wa Zamu", na kwa kuwa wasimamizi wako watatu wenye cheo hicho hicho, kila mmoja anahesabiwa 12. Badala ya 12 kwa wote unapata 36, na jumla inaruka hadi 65. Jumla ikipungua, tafuta tahajia. Nusu ya nchi inaandika Ofisa na nusu Afisa, na kompyuta haijui kwamba ni mtu yule yule. Watano walioandikiwa "Afisa Utumishi" hawatamfikia "Ofisa Utumishi". Nafasi tupu iliyoachwa mwishoni mwa neno inafanya ujanja huo huo, tena haionekani kwa macho. Ukitumia namba, yote haya yanakwisha.

Lakini kipimo hiki hakioni kila kitu, na hapa ndipo Meneja Msaidizi anapotusumbua. "Anasaidiwa na Meneja Msaidizi" inaweza kumaanisha kwamba msaidizi yuko pembeni: anamsaidia meneja, na wasimamizi wa zamu bado wanakwenda kwa meneja mwenyewe. Ndivyo nilivyoandika hapo juu. Inaweza pia kumaanisha kwamba kila kitu cha kiwandani kinapita kwake. Katika hali hiyo N09 hadi N13 wanahamia N08, Meneja wa Kiwanda anabaki na mtu mmoja tu chini yake, Msaidizi anakuwa na watano, na waendesha mitambo wanashuka kutoka ngazi ya 4 hadi ya 5. Jumla bado ni 41 vilevile. Majedwali yote mawili yanajumlika sawasawa, na moja kati yao ni la uongo.

Dalili ya kuangalia ni mkuu mwenye mtu mmoja tu. Ukiona 1 kwenye safu ya F, ama kuna ngazi isiyo na kazi, ama umemsoma vibaya msaidizi. Na kwako kuna dalili ya pili iliyo wazi zaidi. Fundi Mkuu ndiye anayekaimu nafasi ya N08. Kama kweli mafundi na zamu wanapitia kwa Msaidizi, basi N12 anaripoti kwa N08, na wote wawili ni mtu mmoja. Fundi Mkuu anajiombea likizo na kujisainia. Linganisha jina la aliyekalia nafasi na jina la aliyekalia nafasi ya mkuu wake. Yakifanana popote, kuna kaimu aliyesahaulika. Nafasi zote mbili zibaki kwenye jedwali, jina lake liandikwe kwenye zote, na kwenye N08 uongeze neno "kaimu". Ukaimu una mwisho, nafasi inabaki.

Ndipo tunafika kwenye majina 38. Nafasi 41, mtu mmoja ana mbili, kwa hiyo ungetarajia majina 40. Zimepungua mbili. Usiridhike kusema kuna nafasi mbili wazi, maana tofauti ni matokeo ya kujumlisha na kutoa kwa pamoja. Inawezekana walinzi wanne wanalipwa na kampuni ya ulinzi, hivyo hawamo kwenye mishahara yenu, na wakati huohuo kuna majina mawili kwenye mishahara yasiyo na nafasi yoyote: kibarua aliyegeuka wa kudumu, au mtu aliyeondoka na hakufutwa. Nne kutoa mbili ni mbili, na hesabu inaonekana safi. Chukua orodha ya mishahara, pitia jina moja moja ukiandika namba ya nafasi mbele yake. Majina yasiyo na namba na namba zisizo na jina ziorodheshwe kando kando. Kwa watu 38 ni kazi ya saa moja. Majina yasiyo na nafasi yapeleke kwa Mkurugenzi kabla ya jedwali lenyewe.

Kuhusu idadi inayotakiwa kisheria: haipo. Hakuna sheria ya kazi Tanzania inayosema mkuu awe na watu watano au kumi. Hizi namba za "watano hadi saba" zinazozunguka kwenye semina zina asili ndefu. Mwaka 1933 V. A. Graicunas alionyesha kwa hesabu kwamba uhusiano unaowezekana kati ya mkuu na walio chini yake, mmoja mmoja na kwa makundi, unaongezeka kwa kasi mno: watu 4 wanatoa 44, watu 5 wanatoa 100, watu 6 wanatoa 222. Hesabu ni sahihi. Ila amehesabu uhusiano unaoweza kuwepo, si ule unaotumika. Walinzi wanne wanaopokezana lindo hawamletei mkuu wao mambo 44.

Kinachoamua ni kufanana kwa kazi na umbali wa watu. Meneja wako wa Kiwanda ana 6, na ukimtoa Msaidizi hao wengine ni kazi tatu tofauti: uzalishaji, matengenezo na ubora. Hiyo ni mizigo ya kutosha. Meneja wa Masoko ana 5, lakini kama maofisa mauzo wako Dodoma, Singida na Manyoni, 5 yake ni nzito kuliko 10 ya mtu anayewaona wote kwa kugeuza shingo. Wasimamizi wa zamu wana 4 kila mmoja, na mtu wa kubana matumizi atasema ni wachache, waunganishwe. Hawaunganishiki. Zamu ya usiku haina uwezo wa kusimamiwa na aliyelala. Hapo upana umewekwa na saa, si na uwezo wa msimamizi, na jambo hilo liandike kwenye maoni kabla hajaja mtu kulitumia vibaya.

Tena hiyo 4 ni ya karatasini. Msimu wa alizeti magari yanapopanga foleni, vibarua wa kushusha na kupepeta wanaongezeka, na msimamizi mwenye 4 anaweza kujikuta na 14. Vibarua wa msimu hawana nafasi, hivyo hawaingii kwenye 41. Waongezee safu yao, "vibarua wakati wa msimu", kwenye mistari ya wasimamizi tu.

Ukiombwa wastani, gawanya kwa wenye watu tu. Chini ya Mkurugenzi wako 39, na wakuu wenye angalau mtu mmoja ni 9, hivyo wastani ni 4.3. Ukiiachia kompyuta ichukue wastani wa safu yote ya F pamoja na sifuri, utapata 0.95, na kampuni yoyote duniani itakupa namba inayokaribia 1, kwa sababu karibu kila mtu ana mkuu mmoja. Namba hiyo haisemi lolote.

Mambo matatu hayamalizwi mezani kwako: waendesha mitambo ni wanne au wanne wanne, Meneja Msaidizi yuko pembeni au njiani, na nani anamjazia tathmini mhasibu wa kiwandani. Mwombe Mkurugenzi dakika ishirini na umsomee maswali hayo. Usimpe jedwali alisaini bila kuyasikia, maana chati ikishapigwa muhuri watu wataanza kuigombania. Na kama nyuma ya ombi lake kuna nia ya kupunguza watu, mpate mwanasheria wa kazi kabla jedwali halijatoka ofisini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kupunguza. Jedwali lenye nafasi zilizowekewa alama nyekundu kabla ya mashauriano hayo, likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, litasomwa kama ushahidi kwamba uamuzi ulishafanyika.